Huyu Hana Shida

Mwezi Agosti 2022, nikiwa mapokezi katika hospitali moja hapa Dodoma, nilipewa fomu ya kulazwa kwa ajili ya upasuaji wa ngiri. Nilijaza jina, umri, makazi na namba ya bima bila kusita, hadi nilipofika kwenye mstari unaouliza ndugu wa karibu atakayepigiwa simu likitokea jambo. Muuguzi alikuwa ananisubiri na foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Niliandika jina la kaka yangu mkubwa, na mbele yake nikaandika namba ya laini yangu ya pili. Simu yenyewe ilikuwa mfukoni mwangu. Kama lingetokea jambo lolote katika chumba cha upasuaji, hospitali ingenipigia mimi kunijulisha kwamba hali yangu ni mbaya.

Leo naweza kulicheka jambo hilo, ila siku ile niliona nimefanya busara, kwa kuwa sikumsumbua mtu. Ilinichukua karibu mwaka mzima, na urafiki mmoja uliokatika moja kwa moja, kuelewa kwamba namba ile ya uongo ilianza kuandikwa zamani sana, nilipokuwa na umri wa miaka minane. Ninaandika haya kwa ajili ya wale waliozaliwa katikati kama mimi, na pia kwa marafiki zao, ambao mara nyingi hulaumiwa kwa kosa ambalo hawajui kama wamelitenda. Majina ya watu nimeyabadilisha.

Nilizaliwa Mpwapwa mwaka 1985, mtoto wa tatu kati ya watoto watano. Kaka yangu Yona ndiye kifungua mimba, na kama ilivyo desturi yetu wazazi wetu waliitwa kwa jina lake: mama alikuwa Mama Yona sokoni, kanisani na kwenye kikundi, na baba alikuwa Baba Yona hadi alipofariki. Akafuata dada yetu Tabitha, msichana wa kwanza, aliyepewa jina la bibi mzaa baba na kwa hiyo akapata heshima ya bibi. Nikafuata mimi. Miaka miwili baadaye wakaja mapacha, Kulwa na Doto, na nyumba yote ikahamia kwao. Lugha yetu ina jina la anayefungua mimba na ina jina la anayeitinda, lakini aliye kati huitwa tu wa katikati, kana kwamba ni nguzo ya fensi.

Sitaki msomaji adhani nilionewa. Nilikula, nilivaa, nilisoma. Wazazi wangu walikuwa watu wema waliokuwa na watoto watano na mshahara mmoja wa ualimu, na uangalizi wao waliugawa kama walivyougawa mlenda: aliyelia zaidi aliongezewa, na mwenye sahani tulivu alidhaniwa ameshiba.

Tukio ninalolikumbuka zaidi lilitokea mwaka 1993. Tulikuwa tunarudi Mpwapwa kutoka harusini Dodoma, tukiwa nyuma ya pikapu ya mjomba. Tulisimama Mbande, pale barabara inapoiacha ile kuu ya Morogoro na kuelekea Kongwa na Mpwapwa, ili watu wanyooshe miguu. Mimi nilikwenda nyuma ya kibanda kimoja kujisaidia. Nilipotoka, pikapu ilikuwa imeondoka, na vumbi lake lilikuwa bado linaonekana. Baadaye nilielezwa ilivyokuwa: mama alihesabu watoto kwa namna aliyoizoea, yaani wakubwa wawili na wadogo wawili, akaona hesabu imetimia. Nilikaa juu ya gunia la mahindi la mama mmoja muuza karanga, naye akanipa karanga kwenye kikaratasi, nikazila moja moja ili zisiishe kabla hawajarudi.

Walirudi baada ya muda ambao sasa nakadiria ulikuwa kama dakika arobaini. Mama alishuka huku analia, akanishika uso kwa mikono yote miwili na kunikagua. Mjomba, ambaye nadhani aliona aibu kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa dereva, akasema kwa sauti kubwa ili watu wote wa kibandani wasikie: "Mwoneni mpwa wangu, hata chozi! Huyu hana shida." Watu wakacheka, wakanisifu. Mama naye akatabasamu na kurudia maneno yaleyale, huku anajifuta machozi. Hofu ya kuachwa niliisahau mapema kuliko mnavyoweza kufikiri. Kilichobaki moyoni ni ile sifa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na jina langu mwenyewe katika familia ile, na jina hilo lilikuwa Huyu Hana Shida.

Kuanzia hapo nililitunza kama mtu anavyotunza kiti chake cha enzi. Viatu vya shule vilipochanika nilivipeleka kwa fundi nikamlipa kwa kumsaidia kupanga soli, nyumbani hawakujua. Yona na Tabitha walipogombana, mimi ndiye niliyekuwa napeleka maneno chumba hiki na kuyarudisha chumba kile, nikiwa nimeyapunguza ukali njiani. Mapacha walipougua nilihama kitandani bila kuambiwa. Nilifanya hayo kwa ustadi mkubwa, na sikujua kwamba ninajifunza kazi nitakayoifanya kwa marafiki zangu kwa miaka thelathini.

Mwaka 2017, wizara zilipokuwa zinahamia Dodoma, nami nilihamishiwa huku, nikapanga nyumba Ipagala. Mke wangu alibaki kwenye kituo chake cha kazi Songea, kwa hiyo marafiki ndio waliokuwa familia yangu ya kila siku. Tulikuwa watano: Elia, Musa, Hamisi, Rehema na mimi. Wote tulikuwa tumesoma pamoja chuoni. Tulianzisha mchezo wa shilingi 50,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wetu alipokea 250,000 zote. Mimi nilikuwa mshika daftari, na katika kila mzunguko nilichukua zamu ya mwisho. Hakuna aliyenilazimisha. Tulipokaa kupanga zamu, kila mmoja alieleza shida yake, huyu ada, yule mabati, na ilipofika kwangu nilisema, "Mimi popote tu." Katika mizunguko minne nilisema maneno hayo mara nne.

Harusi zilipokuja, nilikuwa mweka hazina wa kamati. Misiba ilipokuja, nilikuwa mtu wa kukodi turubai na viti. Nakiri kwamba nilikuwa naipenda kazi hiyo. Kuna utamu katika kuwa mtu ambaye shughuli haiendi bila yeye, na kwa mtu aliyewahi kusahauliwa kwenye hesabu, utamu huo hulewesha. Daftari likiwa mkononi mwako hakuna atakayeondoka bila kukuhesabu.

Dalili ya kwanza kwamba jambo hili lina sumu ilikuja mwaka 2019, nami nikaipuuza. Musa alikuwa amekopa shilingi 350,000 kwa Hamisi ili amalizie msingi wa nyumba yake Nzuguni, na miezi sita ikapita bila malipo. Wakaacha kusalimiana, na mimi nikajipa kazi ya kupita katikati. Hamisi aliniambia hivi, na nayakumbuka maneno yake: "Mwambie hiyo hela simdai tena, lakini na urafiki tuuache hapohapo." Nilipofika kwa Musa, mdomo wangu ulifanya kile ulichozoea tangu utotoni. Nilimwambia, "Hamisi amesema hiyo hela hakudai tena." Sikusema uongo hata neno moja. Nilikata tu nusu ya pili.

Musa alifurahi, na Jumapili iliyofuata akamfuata Hamisi nyumbani kwake kumshukuru, akiwa na zawadi ya zabibu kilo mbili. Mnaweza kufikiria kilichotokea mlangoni. Hamisi alidhani anakejeliwa, na Musa alidhani ametegewa mtego. Walipolinganisha maneno wakagundua kwamba aliyekosea ni mimi, na kwa mara ya kwanza katika miezi sita wakakubaliana jambo. Deni lililipwa baadaye kwa awamu, wao wakapatana, lakini Musa hakuniamini tena. Ilikuwa haki yake. Msuluhishi wa kweli huwaweka watu wawili mezani na kukaa pembeni, lakini mimi nilikuwa naondoa makali ili mimi mwenyewe nisikae katika nyumba yenye ugomvi, na kila mmoja alibaki anazungumza na mtu niliyemtengeneza mimi.

Kama una tabia hii, jiangalie pale unapotumwa neno. Ukijikuta unapanga upya sentensi ya mwenzako kabla hujafika, rudisha ujumbe. Siku hizi ninasema, "Hilo mwambie mwenyewe, nikiwepo kama utapenda." Mara mbili watu wamenikasirikia kwa jibu hilo, na mara zote mbili wamezungumza wao wenyewe ndani ya wiki moja.

Sasa nirudi kwenye upasuaji, kwa sababu hapo ndipo nilipolipa gharama kubwa.

Siku mbili kabla ya kulazwa, niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Ndugu, wiki hii nitakuwa nje kidogo. Michango itumwe kama kawaida." Hayo tu. Mke wangu nilimwambia ni upasuaji mdogo wa kurudi siku hiyohiyo na kwamba asijisumbue kuomba ruhusa. Kisha nikafanya jambo ambalo sikulitambua wakati ule, na ndilo hasa lililonifanya niandike makala haya: niliwatungia marafiki zangu mtihani bila kuwaambia kwamba wako kwenye chumba cha mtihani. Swali lilikuwa moja. Nani atauliza niko wapi?

Nililala hospitali siku mbili, nikarudi Ipagala kwa bajaji. Kila simu ilipolia nilitazama kwa hamu. Siku ya nne Rehema aliandika, nikafungua haraka, na ujumbe ulisema, "Kaka, nimetuma 50, umeiona?" Nikajibu, "Nimeiona, asante sana." Nilikuwa nimelala ubavu mmoja na maumivu yalikuwa yananipanda hadi tumboni. Siku ya tisa nikafunga mtihani. Wote walifeli.

Ile siku ya kumi ilikuwa ya mgao wa maji, na wakazi wa Dodoma wanajua maana yake. Maji yalitoka alfajiri, na bomba letu liko uani. Daktari alikuwa ameniambia nisinyanyue kitu kizito kwa wiki sita. Mpangaji wa chumba cha pili, kijana mwenye nguvu zake, alikuwa anapiga mswaki hatua chache kutoka pale niliposimama, akanisalimia, "Shikamoo mzee," nami nikaitikia "Marahaba" na kuinama kuchukua dumu la lita ishirini. Nilitembea nalo hatua kama nane. Kisha nikahisi kitu chenye joto kinashuka chini ya kitambaa cha bandeji.

Kidonda kilikuwa kimefumuka sehemu. Mapumziko niliyoandikiwa ya siku 14 yakawa siku 35, na kila siku ya kusafisha kidonda nililipa bajaji kwenda na kurudi. Bima ilibeba mengine yote. Kijana yule alipojua aliniuliza kwa mshangao wa kweli, "Kwa nini hukuniambia? Si nilikuwa pale pale?" Nilimjibu kwamba sikutaka kumsumbua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasubiri aone. Nilitaka aone bila kuambiwa, kwa sababu msaada ulioombwa, katika hesabu zangu za siku zile, haukuwa na thamani ya upendo.

Baada ya hapo nilijiondoa. Nilikabidhi daftari la mchezo kwa Rehema kwa maelezo kwamba kazi zimenizidi, nikanyamazisha kundi, nikawa najibu kwa neno moja. Watoto wa katikati wengi tuna ustadi huu wa kuondoka bila kugonga mlango. Kaka yangu Yona akikasirika mtaa mzima unajua. Mimi nikikasirika, watu wanaona tu kwamba siku hizi nina shughuli nyingi.

Mwezi Novemba mwaka uleule baba yake Elia alifariki, na mazishi yakawa kijijini, upande wa Kondoa. Sikwenda. Nilituma rambirambi ya shilingi 100,000 kwa simu, nikaandika pole ndefu yenye maneno mazuri, nikabaki nyumbani nikiwa mzima kabisa wa afya. Barabara ya lami ipo, na nauli haikuwa kikwazo. Nilijisemea kwamba yeye naye hakuja nilipolazwa. Katika mambo yote ninayoyasimulia hapa, hili ndilo ambalo mpaka leo likinijia usiku nageuka upande wa pili. Kwetu mtu anaweza kukusamehe deni na hata tusi, lakini kutoonekana kwako kwenye kaburi la baba yake ni jambo la aina nyingine.

Elia alikuja kwangu Machi 2023, bila taarifa, siku ya Jumamosi jioni. Alikaa kwenye kiti cha plastiki nje, akakataa chai. Akasema, "Nimekuja kukuuliza nilikukosea nini." Nilianza kusema hakuna kitu, niko sawa, na yeye akainua mkono kunizuia. Ndipo nikamwambia habari ya hospitali, dumu la maji, na siku tisa za kusubiri simu. Nilimwambia kwa ukali nilioushangaa mwenyewe, na sauti ilinitetemeka. Nilidhani atainamisha kichwa.

Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Ulituambia uko nje kidogo. Mimi nilijua umesafiri kwenda Songea kwa shemeji, nikasema acha apumzike na familia yake. Baba yangu alipofariki nilikupigia simu mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikakwambia tunazika wapi na saa ngapi. Kaka, mimi ulinijua nilipo. Wewe nilikujuaje?"

Sikuwa na jibu. Tulikaa pale mpaka giza likaingia na mbu wakaanza. Nilimwomba radhi kwa ajili ya baba yake, na aliipokea, ingawa hakusema kwamba yamekwisha.

Baada ya siku hiyo nilianza kusoma kuhusu watoto wa katikati, na naona ni vyema niseme nilichokuta, kwa kuwa mitandaoni habari hizi zinauzwa kama nyota za magazetini. Wazo kwamba nafasi ya kuzaliwa huumba tabia lilienezwa sana na Alfred Adler, daktari wa Austria ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa pili. Lakini mwaka 2015 zilitoka tafiti mbili kubwa, moja ya watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani, na nyingine ya wanafunzi wa sekondari wa Marekani wapatao 377,000, na zote zilikuta kwamba nafasi ya kuzaliwa karibu haina uhusiano na tabia ya mtu. Nakiri kwamba niliposoma hivyo nilivunjika moyo, maana nilikuwa nimeshapata kisingizio kizuri. Kuna utafiti mwingine wa zamani kidogo, wa Catherine Salmon na Martin Daly wa Kanada, uliotoka mwaka 1998, nao ulikuta kwamba waliozaliwa katikati walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kumtaja mama kama mtu wa karibu zaidi kwao. Huo nilijiona ndani yake.

Nilivyozisoma mimi, hazipingani. Sikuzaliwa na tabia ya kuficha shida. Nilijifunza, katika nyumba fulani, kwa sababu fulani, na siku fulani pale Mbande nililipwa sifa kwa kuijua. Ninao rafiki aliyezaliwa wa nne kati ya saba ambaye hawezi kunyamaza hata akichomwa na mwiba. Kwa hiyo usijipime kwa nafasi yako ya kuzaliwa. Jipime kwa kitu kingine, ambacho mimi nilikifanya kwenye kurasa za mwisho za daftari langu la michango.

Nilichora mstari katikati ya ukurasa na kuandika jina la Elia juu. Upande wa kushoto niliandika mambo ninayoyajua kuhusu miezi yake mitatu iliyopita: mtoto wake amebadilishwa shule, ana kesi ya mpaka wa shamba la marehemu, presha ya mama yake, na kadhalika. Yalifika kumi na manne. Upande wa kulia niliandika yale ambayo yeye anayajua kuhusu miezi yangu mitatu. Yalikuwa mawili, na moja lilikuwa matokeo ya mpira. Nilirudia kwa Rehema na Hamisi, ikawa vilevile. Hapo ndipo nilipoona kwamba nilichokuwa nakiita kusahauliwa na marafiki kilikuwa, kwa sehemu kubwa, ukurasa mtupu niliowapa mimi mwenyewe wausome. Fanya zoezi hilo mara moja, kisha funga daftari. Ukilifanya kila wiki litageuka kuwa orodha ya madeni, na watu wa aina yetu tayari tuna orodha hizo vichwani. Kama unajikuta unapiga pasi huku unagombana kimoyomoyo na rafiki ambaye hana habari, orodha yako imeshajaa.

Kujifunza kuomba kulinichukua muda mrefu kuliko kidonda kupona. Mwezi Juni 2023 mama alitakiwa kuja kliniki ya macho Dodoma, na gari langu lilikuwa gereji. Ningeweza kumkodia teksi. Niliamua kumwomba Elia, na ujumbe wa mistari mitatu niliuandika kwa siku mbili. Toleo la kwanza lilikuwa na salamu ndefu, maelezo ya gari, na lilimalizika kwa maneno, "ila kama una ratiba nyingine usijali kabisa, nitapata namna." Nilipolisoma nikaona kwamba sentensi ile ya mwisho ni mlango wa nyuma niliojijengea. Msomaji wake hawezi kujua kama unamhitaji au unamsalimia tu. Tena, akisema hataweza, utamhesabia kosa ingawa umempa ruhusa. Niliifuta. Ujumbe niliotuma ulisema: "Kaka, habari za nyumbani. Jumamosi hii mama anatakiwa kliniki saa tatu asubuhi. Naomba unisaidie kwenda kumchukua Mpwapwa Ijumaa jioni, mafuta nitaweka mimi." Mtu, siku, saa na kazi yenyewe. Niliweka simu kifudifudi mezani kama mtu aliyetega bomu.

Jibu lilikuja baada ya dakika chache: "Tunatoka saa ngapi?"

Njiani tulipita Mbande, nikamwonyesha mahali palipokuwa na kile kibanda. Siku hizi pamejengwa kote. Jioni ile nyumbani Mpwapwa nilimuuliza mama kama anaikumbuka siku ya pikapu. Aliikumbuka vizuri kuliko nilivyotarajia. Alisema Doto alikuwa na homa kali na alikuwa anamhesabia pumzi, na kwamba kwa wiki nzima baada ya hapo alikuwa anaamka usiku kunipapasa kama nipo. Mimi sikulijua hilo kamwe, kwa kuwa nilikuwa nimelala. "Wewe nilikuwa nakutegemea, baba," alisema. "Ningekuwa na wawili kama wewe nisingezeeka mapema." Alikusudia kunisifu, na nikaipokea sifa hiyo, lakini safari hii nilimwambia pia kwamba siku ile niliogopa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Pole, mwanangu. Ulikuwa hulii."

Nisiwadanganye kwamba mambo yote yalitengemaa. Nilipokataa uweka hazina wa harusi mbili mfululizo, watu kadhaa niliodhani ni marafiki waliacha kunipigia, na nikatambua kwamba walikuwa wanalipigia daftari. Musa hatuna ugomvi, lakini tukikutana Sabasaba tunasalimiana na kila mtu anaendelea na mboga zake. Rehema alipojua habari ya hospitali alikasirika kuliko wote. Alisema, "Ulitufanya tuwe watu wabaya bila sisi kujua," na alikaa miezi miwili kabla hajaniita tena kaka. Mke wangu naye alikuwa na maneno yake, ambayo nitayaacha nyumbani. Katika sisi watano, ninaoweza kuwaita nikiwa na shida ni wawili. Hapo awali nilikuwa na wanne, nikiwahesabu kwa namna yangu, na sikuwa nimewahi kumwita hata mmoja.

Bado nakosea. Mwezi uliopita kwenye mchezo mpya tuliouanzisha, zamu ilipofika kwangu mdomo ulishatamka "Mimi pop—" kabla sijaukamata. Elia alikohoa kwa makusudi. Nikasema nataka mwezi wa tatu, kwa sababu ya tangi la maji la lita elfu moja ninalotaka kuliweka uani. Hamisi alisema na yeye alikuwa anautaka mwezi huohuo, na palikuwa na ukimya ambao zamani ningeujaza kwa kurudi nyuma. Nilikaa kimya nao. Baada ya muda akasema basi yeye achukue wa nne. Alikunja uso kidogo, na jioni ile tulikunywa soda kama kawaida.

Ngiri ilinirudia upande wa pili, jambo ambalo daktari alinieleza kwamba hutokea, na nikapangiwa siku ya upasuaji. Safari hii nilipofika kwenye ule mstari wa fomu niliandika jina la Elia na namba yake. Muuguzi alisoma, akauliza kama huyo ni kaka yangu. Nilimwambia ni rafiki, na kabla sijaendelea simu ikaanza kulia mezani. Alikuwa yeye, yuko nje na dumu la uji aliotengeneza shemeji, anauliza ni geti lipi wanaloruhusu magari.